Shilingi 30,000 Zilizozaliwa Usiku

Halima ana shilingi 80,000 katika akaunti yake ya simu, na mdogo wake Juma ana 20,000. Tuseme kampuni inayotunza fedha zao ina wateja wengi kiasi kwamba daftari lao haliwezi kukaa kwenye seva moja. Limekatwa vipande: akaunti ya Halima iko seva A, ya Juma iko seva B. Kila usiku, saa tisa, kila seva hupiga picha ya kipande chake ili iwekwe akiba.

Usiku mmoja seva A inapiga picha saa tisa kamili. Sekunde nne baadaye Halima, aliye macho na mtoto mgonjwa, anamtumia Juma 30,000. Sekunde tano nyingine zinapita ndipo seva B, iliyoelemewa na kazi, inapiga picha yake. Ya A inasema Halima ana 80,000. Ya B inasema Juma ana 50,000. Siku seva zikiungua na picha hizo zikarudishwa, laki moja yao itakuwa 130,000, ingawa hakuna seva iliyosema uongo.

Geuza mpangilio, B itangulie na A ifuate, utapata 70,000. Kosa hili la pili ni jepesi kidogo. Daftari la A linaonyesha kwamba fedha zilitumwa kwa Juma, kwa hiyo mhasibu anaweza kuzichukulia kama barua iliyo njiani na kukamilisha muamala. La kwanza halina pa kuanzia: fedha zimefika bila kutumwa, yaani tokeo lipo na chanzo chake hakipo. Tofauti hiyo ndiyo waliyoishika Mani Chandy na Leslie Lamport mwaka 1985, katika makala yao kuhusu namna ya kuipiga picha mifumo iliyosambaa. Walifananisha kazi hiyo na wapiga picha kadhaa wanaogawana anga lililojaa ndege wanaohama, anga pana lisiloenea kwenye picha moja.

Wengi hukimbilia saa: seva zote zipige picha kwa nukta ileile. Lakini saa za seva hupishana, hata zikirekebishwa kila mara kupitia mtandao, na milisekunde chache zinatosha muamala kupenya katikati. Kusimamisha huduma nzima hadi picha zote zimalizike kunatibu kweli, ila wateja watapiga kelele.

Citus, programu inayoisambaza hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva nyingi, ina njia ninayoipenda kwa sababu haibishani na saa. Kila seva hupigwa picha yake ya msingi kwa wakati wake, hata zikipishana saa nzima, kisha huendelea kuhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko linalofuata. Baadaye msimamizi anatoa amri moja:

```
SELECT citus_create_restore_point('saa_tisa');
```

Kwa muda mfupi maandishi yanazuiwa, na jina `saa_tisa` linaandikwa ndani ya kumbukumbu ya kila seva, kisha kazi inaendelea. Muamala wa Halima ama uko kabla ya alama hiyo kwenye seva zote mbili, ama uko baada yake kwenye zote mbili. Wakati wa kurudisha, kila seva huanza na picha yake ya msingi, ikarudia mabadiliko moja baada ya jingine, na kusimama kwenye jina hilo:

```
recovery_target_name = 'saa_tisa'
```

Masharti ni mawili. Picha ya msingi ya kila seva iwe imekamilika kabla ya alama kuwekwa, na kumbukumbu za mabadiliko ziwe zimefika ghalani hadi kwenye alama yenyewe. Hili la pili ndilo huponyoka. Seva moja ikichelewa kupeleka kumbukumbu zake, haitaikuta alama. Tangu toleo la 13, PostgreSQL hukataa kuendelea na kutoa kosa ikifika mwisho bila kuiona. Matoleo ya zamani yalifungua milango kimya kimya, seva moja ikiwa nyuma ya wenzake.

Basi utajuaje kama akiba yako ni salama? Irudishe kwenye seva za majaribio, kisha usiridhike na jumla kuu. Elfu thelathini zilizozaliwa kwa Juma zinaweza kufunikwa na elfu thelathini zilizopotea kwa mteja mwingine, na jumla ikatoka sawa kabisa. Chukua namba ya kila muamala uliovuka seva, uitafute pande zote mbili: kila aliyepokea awe na aliyetoa. Namba inayoonekana upande mmoja tu inakuonyesha ni seva zipi mbili zilizosimama mahali tofauti.