Kabla ya unga wa lishe, mtoto aonje yai na karanga kwa zamu

Mtoto akitimiza miezi sita, mama wengi wa Kibaha na Kisarawe huwa wameshaandaa unga wa lishe. Ndani yake kuna mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, pengine ngano, na wapo wanaotia dagaa au korosho. Vyote husagwa pamoja na kupikwa uji mmoja.

Uji huo una lishe. Tatizo huja pale mtoto anapokunywa kwa mara ya kwanza akatoka vipele na kuvimba midomo. Ni karanga, soya, ngano au dagaa? Hakuna anayeweza kujua. Mara nyingi mama humwaga unga wote, mtoto akarudi kwenye uji mweupe, na vyakula ambavyo havikuwa na kosa lolote vikapigwa marufuku.

Wapo pia wanaofanya kinyume, wakasubiri mwaka au zaidi kwa kuogopa mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Yai ndilo linaloonewa zaidi, maana wapo wazee wanaosema mtoto akilila atachelewa kuongea. Lakini kuchelewesha hakumkingi mtoto. Mwaka 2015, watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Nusu walianza kula karanga wakiwa wachanga, nusu walizuiwa hadi miaka 5. Kati ya waliozuiwa, takriban 17 katika kila 100 walipata mzio wa karanga. Kati ya waliokula, 3 tu.

Kwa hiyo vyakula hivi vianze mapema baada ya miezi sita, ila kimoja kimoja. Mfano ni mama wa Maili Moja ambaye mtoto wake ameshazoea uji wa mahindi mtupu. Jumatatu asubuhi, mtoto akiwa hana homa wala mafua, anachemsha yai hadi kiini na ute vigande kabisa. Anaponda kidogo, anachanganya na uji na kumpa robo ya kijiko cha chai. Anasubiri dakika 15. Akiona kimya, anaendelea kumpa taratibu. Jumanne na Jumatano anarudia, akiongeza kiasi.

Alhamisi ni zamu ya karanga. Zilizokaangwa husagwa hadi ziwe laini, kisha hulainishwa kwa uji wa vuguvugu, kwa sababu siagi ya karanga nzito hunasa kooni. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5, maana humpalia. Zilizoota ukungu zisitumike hata kidogo, kwani kukaanga hakuondoi sumukuvu. Baadaye hufuata samaki aliyetolewa miiba, soya, ngano na korosho, kila kimoja kwa siku zake tatu. Ndani ya mwezi hivi, unga wa lishe unaweza kuchanganywa bila wasiwasi. Chakula kilichokubali kiendelee kuliwa angalau mara mbili kwa wiki. Kikiachwa miezi mingi, mzio unaweza kujitokeza baadaye.

Asubuhi ina sababu yake. Dalili nyingi hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na kwa familia ya Maneromango kupata usafiri wa kwenda hospitali mchana ni rahisi kuliko usiku wa manane.

Wekundu bapa pale tu uji ulipogusa kidevu, unaoisha upesi, kwa kawaida si mzio. Vipele vilivyovimba kama vya kuumwa na mbu, vinavyosambaa mwilini, uso kuvimba au kutapika ghafla ni jambo jingine: chakula hicho kisimamishwe, mtoto apelekwe kituo cha afya, na kisijaribiwe tena nyumbani. Picha ya vipele kwenye simu na saa aliyokula humsaidia sana daktari. Akipumua kwa shida, akitoa mlio wa filimbi kifuani, sauti ikikauka au akilegea, hiyo ni dharura; anahitaji sindano ya adrenalini, si maziwa wala mkaa. Kutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula na kupauka, hata bila vipele, nako kunahitaji hospitali.

Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyewahi kudhurika na chakula chochote, aonwe na daktari kabla ya kupewa karanga.

Na mwenye mzio wa yai asikoseshwe chanjo ya surua na rubela akifikisha miezi 9. Anaweza kuchanjwa kama wenzake. Mama amweleze tu mhudumu wa kliniki.