Mkubwa wa Kazi Anaposimama Kusema Harusini

Vikundi vyetu vingi siku hizi vina mfanyakazi mmoja au wawili wa kulipwa: karani wa maziwa, mlinzi wa pampu ya shamba la kando ya Tana, msichana wa duka. Mfanyakazi huyo akioa au akiolewa, mwenyekiti huitwa mbele apewe kipaza sauti. Hapo ndipo mambo huharibika. Anataka kusifu, anasifu sana, na katika kusifu anamwaga mambo ambayo mwenye harusi hakuwahi kuwaambia hata ndugu zake.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Tuseme kikundi cha akina mama hapo Madogo kinakusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka mjini Garissa ng'ambo ya daraja. Karani wao ni kijana wa Kisomali. Ameoa, nikahi imesomwa, watu wako kwenye walima wanakula pilau na nyama. Mama mwenyekiti anasimama, anasema hivi:

"Jamani, huyu kijana alikuja kwetu hana hata viatu. Tukamwandika, sasa tunamlipa elfu kumi na mbili kwa mwezi. Alipougua kifua ni sisi tulimpeleka hospitali. Hata hii mahari, elfu ishirini imetoka kwa kikundi. Alikuwa anachelewa sana kazini, lakini sasa mke atamwamsha!"

Watu wanacheka, wanapiga vigelegele. Mama anaketi akiamini amesema vizuri, na kweli moyo wake ni mwema. Lakini angalia masikio yaliyosikia.

Baba wa bibi arusi amesikia kwamba mahari ni mkopo. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, na mume kukopa ili ailipe si kosa. Ila walii hakuambiwa siku ya mazungumzo, na sasa anaanza kuhesabu: elfu kumi na mbili kwa mwezi, deni elfu ishirini, binti yangu atakula nini? Shangazi zake wameshika neno "kifua" tu. Huku kwetu ukisema kifua watu wanasikia kifua kikuu, na kesho yake swali litafika kwa bibi arusi: ulijua? Hata kama alitibiwa akapona miaka mingi iliyopita, sasa itabidi ajieleze katika wiki ya kwanza ya ndoa. Yule mlinzi wa kikundi, anayelipwa elfu nane, naye yupo kwenye mkeka wa nyuma. Jumatatu atakuja kuuliza. Na mama wa bwana harusi, aliyemlea mtoto wake kwa taabu, ameambiwa mbele ya wakwe kwamba mwanawe hakuwa na viatu.

Ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila sentensi ya hotuba ile inakisifu kikundi. Tulimwandika, tunamlipa, tulimpeleka, tulimkopesha. Kijana mwenyewe hajasifiwa popote.

Kuna swali moja la kujipima nalo, nami naona linatosha kwa hotuba nzima. Jambo hili ninalijua kwa sababu lilifanyika machoni pa watu, au ninalijua kwa sababu mimi ndiye ninayeshika faili lake na pesa zake? Mshahara, mkopo, karatasi ya hospitali, barua ya onyo, ruhusa aliyoomba kwa ajili ya matatizo ya nyumbani: haya yote mwajiri anayajua kwa sababu ni mwajiri. Alipewa kwa ajili ya kazi. Yaache ofisini. Sheria nayo imeelekea huko huko. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweka habari za afya, mali na familia ya mtu katika zile zinazohitaji ulinzi zaidi, na sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu mwingine bila kibali chake. Lakini hata bila sheria, siri ya faili ikitangazwa harusini mara moja, mfanyakazi wa pili hatakuambia tena akiwa mgonjwa. Atakaa kimya mpaka aanguke kazini.

Sasa, mambo yaliyofanyika machoni pa watu ndiyo mali ya hotuba. Hapa wengi hukwama, kwa maana wakinyimwa siri wanabaki na "ni mchapa kazi, mwaminifu, ana heshima." Maneno hayo kila mtu huyasema juu ya kila mtu, na wageni huendelea kutafuna. Tafuta kitendo kimoja. Kimoja tu, chenye mahali na wakati, ambacho wengine waliopo walikiona.

Turudi kwa karani wetu. Mnamo Novemba 2023 mafuriko ya Tana yalifunika barabara kati ya Madogo na mjini, magari yakasimama. Tuseme siku zile karani alikuwa akiandika kila asubuhi lita za kila mama, pamoja na zile zilizoharibika kwa kukosa kuvuka, na barabara ilipofunguka kila mama akapata hesabu yake kamili bila ugomvi. Akina mama wale wale wamekaa hapo walimani. Basi hotuba inaweza kuwa hivi:

"Assalamu alaikum. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, na bwana harusi ndiye karani wetu. Mwaka 2023 maji yalipofunga barabara, maziwa yalikwama na sisi tulichanganyikiwa. Yeye alikuwa anafika kituoni na daftari lake kila asubuhi, akaandika mtungi kwa mtungi. Maji yalipopungua, hakuna mama hata mmoja aliyesema hesabu yake imepotea. Tangu siku ile, tukibishana, tunasema: mngoje mwenye daftari. Mashaallah. Wazazi wake, tunawashukuru kwa malezi. Bibi arusi na jamaa zake, tunafurahi kuwa pamoja nanyi leo. Mwenyezi Mungu awape maelewano na nyumba yenye baraka. Amina."

Hayo hayafiki hata dakika mbili kwa msemaji asiye na haraka. Hakuna pesa, hakuna ugonjwa, hakuna kabila wala ukoo. Lakini baba wa bibi arusi sasa anajua kwamba binti yake ameolewa na mtu ambaye wanawake wengi wanamwamini na hesabu zao. Hilo ndilo alilotaka kujua, na hakuna mwingine angeweza kumwambia. Mambo ya ukoo na nasaba yana wenyewe: akina mama wa Kisomali watayasifu kwa buraanbur na watakushinda mbali.

Neno "Mashaallah" katika hotuba ile si pambo. Wasikilizaji wetu wengi wakisikia mtu anasifiwa tu, moja kwa moja, bila jina la Mungu kutajwa, huingiwa na hofu ya kijicho. Utaona mzee mmoja analinong'ona mwenyewe. Lisema wewe kwanza, hata kama si dini yako.

Kabla ya siku yenyewe, kaa na mfanyakazi dakika tano. Muulize ni nani watakuwepo na kama kuna lolote asilotaka litajwe. Asikueleze sababu, ataje tu. Muulize pia jina la kumwita. Wasomali wana desturi ya majina ya utani, na mengine hutokana na umbo la mtu: mguu, jicho, meno. Kazini mmezoea kumwita hivyo na yeye anaitika. Mbele ya wakwe linaweza kumchoma, ama linaweza kuwa sawa kabisa. Yeye ndiye anayejua. Halafu, ulijue hili polepole: je, ni ndoa yake ya kwanza? Wapo wanaooa mke wa pili, na wapo walioachana. Mwenyekiti akisema "hatimaye kijana wetu amepata mke" huku watoto wake wakubwa wanagawa soda, mtu atajificha wapi?

Ujue pia utasema upande gani. Harusi nyingi za Kiislamu huku wanaume na wanawake hukaa mbali. Mwenyekiti mama atasema kwa akina mama, na kama familia inataka wanaume nao wasikie, mwanakamati mwanamume asome maneno yale yale bila kuongeza yake. Kama mfanyakazi ni bibi arusi na wewe mkubwa wa kazi ni mwanamume, mara nyingi ni afadhali mama mmoja wa kamati aseme badala yako. Ukilazimika kusema, sema juu ya kazi yake, usiguse uzuri wake wala jinsi alivyokuwa akikuchangamsha ofisini. Kwenye harusi za kanisani, au za walimu na wauguzi, mara nyingi watu huchanganyika na huwa na uhuru zaidi wa kutania. Swali la faili halibadiliki.

Muda nao una hila yake. Mara nyingi kutakuwa na mkalimani, Kiswahili kwenda Kisomali, kwa hiyo dakika tatu zako zitakuwa sita. Vunja sentensi fupi fupi, nyamaza, mwache amalize. Mkalimani hodari hupenda kuongeza utamu, hivyo mwonyeshe karatasi mapema. Na kama umeitwa Magharibi imekaribia, sema salamu, sentensi mbili na dua. Ukiadhiniwa katikati umepotea.

Hatari ya mwisho ni furaha ya papo hapo. Watu wanashangilia, na mwenyekiti anajikuta anatangaza: "Kuanzia mwezi ujao nampandisha mshahara!" Kamati haijakaa, mwekahazina ameshika kichwa. Neno lililosemwa mbele ya wazee linahesabiwa ahadi, na litadaiwa. Zawadi nayo tumeizoea vibaya kwa sababu ya harambee. Kwenye mchango wa kabla ya harusi kiasi husomwa kwa sauti, hiyo ndiyo kazi ya mchango. Walimani toa bahasha iliyofungwa, useme "hii ni ya kikundi kizima", ukae. Msherehesha akikubana aseme "tuambie ni ngapi," mjibu kwamba hesabu iko kwa mwenye daftari. Watu watacheka, na bwana harusi ataifungua nyumbani.