Kusoma Kontua Kabla ya Kuchagua Kiwanja

Mwananchi anayekusudia kujenga katika vilima vya Mwanza aitazame kwanza ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000. Kila kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja. Uso wa Ziwa Viktoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo namba huongezeka tupandapo kutoka ufukoni.

Kontua zinapoukata Mto Mirongo, hujikunja na ncha zake huelekea chanzo cha mto, penye namba kubwa. Hilo ni bonde. Ncha zikielekea namba ndogo, huo ni ulimi wa kilima. Kontua ndefu zilizofungwa, zenye namba kubwa ndani, ni mgongo wake. Maumbo haya hufanana mno, kwa hiyo namba zisomwe kwanza. Hata pasipochorwa mto, ncha zinazoelekea juu huonyesha mkondo wa maji ya mvua, na kiwanja kilichomo humo kitapitiwa na maji hayo.

Kontua zikisongamana, mteremko ni mkali. Tuseme zinapishana kwa mita 20, nazo zimeachana milimita 1 tu, yaani mita 50 ardhini: mteremko huo ni asilimia 40. Lakini jabali lenye kimo cha mita 10, nayo Mwanza hayahesabiki, laweza kukaa kati ya mistari miwili lisionekane kabisa. Hilo hukaguliwa kwa miguu.