Bei ya vyakula haijawahi "kuvipanda"

"Bei ya vyakula vimepanda." Sentensi hii utaisikia redioni na utaikuta kwenye vibandiko vya habari. Kosa lake halionekani upesi, kwa sababu "vyakula" na "vimepanda" vinapatana masikioni. Lakini uliza: kilichopanda ni nini? Si vyakula, ni bei. Vyakula vipo palepale gengeni.

Bei ni nomino ya ngeli ya I-ZI, ndiyo maana tunasema "bei ya". Kihusishi "ya" kimeshamtaja mwenye sentensi. "Vyakula" vimekuja kueleza tu ni bei ya kitu gani. Kitenzi hufuata bei: "Bei ya vyakula imepanda." Ukiwa na shaka, ondoa maneno yanayoanza na kihusishi hicho, usome kilichobaki. "Bei vimepanda" hakuna atakayeikubali.

Mara nyingine kosa hubadilisha habari yenyewe. "Mkoba wa mtoto umepotea" ni hasara ndogo. Ukisema "Mkoba wa mtoto amepotea", msikilizaji anashtuka: kapotea nani? Kadiri maneno yanavyozidi kati ya kiima na kitenzi, ndivyo mtu anavyoteleza: "Uuzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani yameongezeka." Kilichoongezeka ni uuzaji, kwa hiyo umeongezeka.

Njia hii ina mpaka wake. "Baadhi ya wanafunzi wamefika" ni sahihi, maana "baadhi" hutaja sehemu ya wanafunzi, na wanaofika ni wao. "Idadi ya wanafunzi" ni habari nyingine: idadi imeongezeka, haijaja darasani.