Mistari miwili ya dola 86,40 kwenye simu: namna ya kuuliza banki kama mmoja umeshikwa tu

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mgodi, mkaaji wa Kolwezi, mwenye karti ya Visa iliyofungwa kwenye konti ya dola. Siku ya Posho, saa kumi ya mangaribi, ananunua vyakula vya mwezi katika magazini ya katikati ya mji. Anaingiza karti, anapiga kodi, masini inazunguka, halafu rezo inakatika. Tikiti inatoka ikisema malipo hayakupita. Kesiye anamwomba arudilie, na mara ya pili inapita vizuri.

Usiku anafungua aplikasio ya banki na kukuta mistari miwili: magazini ile ile, siku ile ile, dola 86,40 na tena dola 86,40. Asubuhi alikuwa na dola 412,00. Sasa simu inaonyesha 239,20. Siku ya Kwanza anapaswa kulipa minervali ya watoto, dola 300. Kama angekatwa mara moja tu, angebaki na 325,60 na masomo yangelipwa. Ndiyo maana hawezi kusema «ngoja tutaona».

Wengi katika hali hiyo wanapiga picha ya ekra, wanaituma kwa banki na neno moja: «Mumenikata mara mbili, murudishe feza yangu.» Barua ya namna hiyo inaeleweka, lakini inaomba kitu ambacho pengine banki haiwezi kufanya siku hiyo. Banki hairudishi feza ambayo haijatoka. Swali la kwanza ni kujua kama ile ya pili imetoka ao imeshikwa tu.

Malipo ya karti yanapita katika hatua mbili. Ya kwanza inadumu sekunde chache: masini ya magazini inauliza banki ya mwenye karti kama feza iko. Banki ikikubali, inatoa kodi ya idhini yenye alama sita, na inaweka ile feza pembeni ili isitumike kwa kitu kingine. Watu wa gishe husema «imeblokiwa». Feza bado iko ndani ya konti, lakini mwenyewe hawezi kuigusa. Hatua ya pili inakuja nyuma, mara nyingi kesho yake ao siku mbili tatu: magazini inafunga hesabu ya siku, masini inatuma orodha ya malipo, na hapo ndipo banki inakata kweli.

Sasa turudi kwa ile rezo iliyokatika. Ombi la kwanza lilifika kwenye banki. Banki ilikubali, ikashika dola 86,40, ikatuma jibu. Jibu ndilo lililopotea njiani. Masini, kwa kuwa haikusikia kitu, ikaandika kwamba malipo hayakupita. Kwa kawaida masini inapaswa kutuma ujumbe wa kufuta lile ombi mara rezo inaporudi, na banki inaachilia feza. Lakini kama umeme ulikatika, ao kesiye alizima masini, ule ujumbe unaweza kuchelewa ao usifike kabisa. Ombi la pili, lile lililopita, likashika dola 86,40 zingine. Hakuna aliyeiba, na hata hivyo minervali imekwama.

Kuna njia nyingine ya kupata mistari miwili, na inafanana nayo kabisa kwenye picha. Malipo yalifanyika mara moja, yakashikwa, halafu yakakatwa, lakini mashini za banki hazikutambua kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo mstari wa kushikwa unabaki pembeni ya mstari wa kukatwa. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni kodi ya idhini. Kama mistari yote miwili ina kodi moja, ni ombi moja linaloonekana mara mbili. Kama kodi ni mbili tofauti, maombi yalikuwa mawili na banki ilikubali yote. Kodi hiyo inaandikwa kwenye tikiti ya magazini; kwenye aplikasio, mara nyingi mtu anapaswa kugusa mstari ili uonyeshe maelezo yake, na aplikasio zingine haziionyeshi kabisa.

Hesabu ya konti nayo inasema mengi, kama mtu anajua kuisoma. Aplikasio nyingi zinaonyesha namba mbili: «Solde comptable», ndiyo feza iliyo ndani ya konti kweli, na «Solde disponible», ndiyo anayoweza kutumia. Katika mfano wetu, usiku wa Posho comptable ingali 412,00 na disponible ni 239,20. Tofauti ni 172,80, ni kusema mara mbili 86,40: yote mawili yameshikwa, hakuna kilichokatwa. Siku ya Pili, kama comptable imeshuka kufika 325,60 na disponible imebaki 239,20, moja imekatwa na nyingine ingali imeshikwa. Lakini siku ambayo comptable yenyewe inasoma 239,20, yote mawili yametoka. Hapo si swali tena, ni madai. Kwa mwenye aplikasio inayoonyesha namba moja tu, dawa ni kuomba relevé kwenye ajansi, kwani relevé inaandika yaliyokatwa peke yake.

Kwa hiyo picha nzuri ya ekra si ile iliyokatwa ili ionyeshe mistari miwili tu. Inafaa kubaki na saa na tarehe ya simu juu, namba zote mbili za hesabu, na lile neno dogo pembeni ya kila mstari, kwa mfano «En attente». Picha ya pili siku mbili nyuma, kwa namna ile ile, inasaidia kuliko kurasa tatu za malalamiko. Namba ya karti ifichwe, zibaki tarakimu nne za mwisho. Kodi ya siri na zile tarakimu tatu za nyuma ya karti haziandikwi popote, hata mtu wa banki akiziomba.

Mabanki yetu yanafanya kazi kwa Kifaransa, basi barua itaandikwa kwa Kifaransa. Lakini mambo ya kusema ni haya:

«Bwana Mkubwa wa Ajansi,

Tarehe fulani, saa 16 na dakika 12 kwa saa ya Kolwezi, nililipa dola 86,40 katika magazini fulani, kwa karti yangu inayoishia na tarakimu fulani. Jaribio la kwanza lilikataliwa kwenye masini. La pili lilipita. Tikiti zote mbili ziko hapa. Aplikasio inaonyesha mistari miwili ya kiasi kile kile, kama picha inavyoonyesha.

Naomba munijibu kwa maandishi: kila mstari ni idhini tu ao umekwisha kukatwa kwenye konti? Kodi ya idhini ya kila mmoja ni gani? Kwa ule uliokatwa, ARN yake ni gani? Kwa ule ulioshikwa, utaachiliwa tarehe gani, na magazini ilituma ujumbe wa kuufuta ao hapana?

Kama mstari wa pili utakatwa kisha barua hii, naomba ihesabiwe kama madai yangu ya malipo yaliyofanywa mara mbili, kuanzia leo.»

Hiyo ARN ni namba ya tarakimu 23 ambayo malipo ya Visa ao Mastercard yanapata yakifika katika hatua ya pili, ile ya kukatwa. Feza iliyoshikwa tu haina ARN. Banki ikitoa ARN mbili tofauti, magazini imeomba kulipwa mara mbili. Ikitoa moja tu, mstari mwingine ni wa kushikwa, na mtu anaweza kupumua kidogo.

Sentensi ya mwisho ya barua ina sababu yake. Mtu akileta madai juu ya feza iliyoshikwa, banki haina malipo ya kupinga, na dosie inaweza kufungwa. Wiki moja nyuma ule mstari ukikatwa kweli, mwenyewe anafikiri mambo yake yangali yanashugulikiwa, kumbe hakuna anayeyashugulikia. Na muda unatembea: Visa inaipa banki siku 120 za kupinga malipo yaliyofanywa mara mbili, na Mastercard siku 90. Ni siku za banki, si za mteja. Banki inaweza kumuomba mteja awahi zaidi, kwani nayo inahitaji wakati wa kutengeneza dosie.

Kushikwa kwenyewe kunaisha. Kwa Mastercard, idhini ya manunuzi ya kawaida inahesabiwa siku 7, na ile ya awali, kama ya otele, siku 30. Lakini banki ya mwenye karti ndiyo inayoachilia feza, na kila banki ina mpango wake. Ndiyo maana tarehe inaombwa katika barua.

Lakini minervali ni Siku ya Kwanza, na siku 7 ni nyingi. Njia fupi inapita kwa magazini, si kwa banki. Masini inapofunga siku inatoa tikiti ya jumla ya malipo yote yaliyokubaliwa. Kama dola 86,40 za karti ile zinaonekana pale mara moja tu, magazini haitaomba ya pili. Mkubwa wa magazini anaweza kuandika hilo kwenye karatasi, pamoja na kodi za idhini, muhuri na sahihi. Kwa karatasi hiyo banki inaweza kuachilia feza kwa mkono, ingawa hailazimishwi. Kitu kibaya ni kukubali magazini irudishe 86,40 kwa mkono: kama ile feza ilikuwa imeshikwa tu, itaachiliwa yenyewe, na kesiye ndiye atakayepoteza.

Jambo dogo linalopoteza watu: Kolwezi inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Mashini za banki zikifuata saa ya Kinshasa, malipo ya saa 16 na dakika 12 yataandikwa 15:12, na mtu wa gishe anaweza kusema tikiti na mstari havifanani. Tena mstari uliokatwa mara nyingi unabeba tarehe ya kukatwa, si ya kununua. Vilevile, kama manunuzi yalikuwa kwa franka na konti ni ya dola, kiasi kilichoshikwa na kile kilichokatwa vinaweza kupitana senti kadhaa kwa sababu ya bei ya dola, hata kama ni malipo yale yale.

Barua ipelekwe ikiwa mbili, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kama inatumwa kwa imeli, namba ya dosie iombwe pale pale, kwani mtu wa gishe wa leo pengine si wa wiki ijayo.