Kipa Akibaki Ana kwa Ana na Mwenye Mbio

Ilikuwa dakika ya 62 ya fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 11 Julai 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Hispania na Uholanzi walikuwa bado bila bao. Wesley Sneijder akachomeka pasi katikati ya mabeki, Arjen Robben akachomoka nayo, na mbele yake akabaki Iker Casillas peke yake. Casillas alitoka, akasubiri, na Robben alipopiga kwa guu lake la kushoto, mpira uligonga mguu wa kulia wa kipa huyo ukatoka nje. Dakika ya 83 Robben alimpita tena Carles Puyol kwa mbio na kuelekea goli. Safari hii Casillas hakusubiri. Alimwendea, akaanguka miguuni pake na kuukumbatia mpira kabla haujapigwa.

Mshambuliaji ni yule yule, kipa ni yule yule, na mechi ni ile ile, lakini maamuzi yalikuwa mawili tofauti na yote yalikuwa sahihi. Watu wengi husema kipa wa namna hii ana bahati au ana roho ngumu. Mimi naamini siri iko kwenye kitu alichokuwa akikitazama. Anayemtazama mkimbiaji ataona mbio tu na ataogopa. Anayetazama umbali kati ya mguu wa mkimbiaji na mpira ataona nafasi yake mwenyewe.

Tuanze na mahali pa kusimama. Goli lina upana wa mita 7.32, na hakuna kipa anayeweza kuuziba upana huo akiwa kwenye mstari. Chukulia mpira uko katikati, mita 16 kutoka mstari wa goli, yaani karibu kabisa na ukingo wa kumi na nane. Kipa akisogea mita 8 mbele, upana anaopaswa kuulinda pale aliposimama unabaki mita 3.66, nusu ya goli. Akisogea hadi mita 12, unabaki mita 1.83, na mtu mzima akitandaza mikono na miguu anaufikia. Ni kama kusogeza kiganja karibu na taa: kiganja ni kile kile, kivuli ndicho kinachokua. Ila hesabu hii inafanya kazi tu ikiwa kipa yuko kwenye mstari unaotoka kwenye mpira hadi katikati ya goli. Akiukosa kwa hatua moja, upande mmoja unabaki wazi, na fowadi mzuri hahitaji zaidi ya hapo.

Basi kwa nini kipa asikimbie tu mbele kila mara? Kwa sababu ya muda. Shuti la mita 25 kwa sekunde likipigwa kutoka mita 10 humfikia kipa kwa sekunde 0.4, na kutoka mita 5 humfikia kwa sekunde 0.2. Mwili wa binadamu unahitaji kama sekunde 0.2 tangu jicho lione hadi msuli uanze kusogea. Kwa hiyo akiwa mita 8 au 10 kutoka kwenye mpira, kipa bado anaweza kuona shuti na kulifuata. Akiwa mita 2 au chini ya hapo, hahitaji kuona kitu, kwa kuwa mwili wake umeshaziba njia. Kwenye mita 4 hadi 6 anapoteza faida zote mbili: yuko karibu mno kuitikia, na mbali mno kuziba. Hapo ndipo kipa anapopigwa tobo, au anapovishwa kanzu na mpira ukapita chini ya mtambaapanya huku yeye akigeuka kuutazama.

Eneo hilo la katikati ni la kupitwa haraka. Halifai kusimama ndani yake, na halifai kabisa kukutwa na shuti ukiwa bado unakimbia. Mguu ulioko hewani hauwezi kusukuma mwili upande wowote. Kipa anasogea wakati mpira unabingirika kati ya mguso na mguso, kwa kuwa fowadi hawezi kuupiga mpira asioufikia. Fowadi akiinamisha kichwa na kurudisha mguu nyuma, kipa lazima awe amesimama tayari: miguu ina upana wa mabega, uzito uko mbele ya nyayo, mikono iko chini karibu na magoti. Kadiri anavyokuwa karibu na mpira, ndivyo mikono inavyoshuka, maana mashuti mengi ya karibu huenda chini.

Sasa turudi kwa mwenye mbio. Ili akimbie kwa kasi yake yote, lazima ausukume mpira mbele. Akiuweka guuni, kasi inapungua. Akiiachia kasi, mpira unamtangulia. Mtego wake uko hapo. Mguso ukiwa mrefu, mpira ukamwacha hatua tatu au nne, mpira huo hauna mwenyewe, na swali la kipa linakuwa moja: nani atafika kwanza? Akiona ni yeye, atoke bila kusita, ashuke kwa ubavu, mikono itangulie kwenye mpira na mwili mrefu uzibe njia nyuma yake. Beki anayekimbia begani mwa fowadi husaidia sana hapa, kwani ndiye anayemlazimisha autupe mpira mbele. Puyol alifanya kazi hiyo dakika ya 83. Alimng'ang'ania Robben alipokuwa akipitwa, na ijapokuwa hakuugusa mpira, alimharibia mwendo.

Mpira ukiwa umeganda mguuni, kutoka mbio ni kujitoa kafara. Fowadi atamzunguka tu. Hapo kipa asogee kwa hatua fupi, asimame, na akatae kuanguka kwanza. Kila sekunde anayobaki wima, mabeki wanarudi na fowadi anazidi kuwaza. Dakika ya 62 Casillas alibaki wima hadi mwishoni, na hata mwili wake ulipoanza kwenda upande mmoja, aliacha mguu nyuma kulinda upande wa pili. Mguu huo ndio ulioukuta mpira.

Kuna mipaka, na ni vyema kuikubali. Kipa anayefanya yote sawasawa bado atafungwa mara nyingi, kwani fowadi ndiye anayechagua. Kosa la kuchelewa kutoka nalo lina gharama yake: akimwangusha fowadi nje ya kumi na nane akiwa anakwenda kufunga, ni kadi nyekundu. Ndani ya eneo hilo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, akiwa kweli alikuwa anaucheza mpira ni penalti na kadi ya njano.

Makocha wa timu za mitaani na shule wanaweza kufundisha uamuzi huu bila kifaa chochote. Mweke fowadi mita 30 kutoka golini, beki hatua mbili nyuma yake, kisha mwachie mpira. Mtake kipa atamke kwa sauti kila baada ya mguso: "Naenda!" au "Nasimama!" Usimhukumu kwa mabao aliyofungwa. Mhukumu kwa neno alilotamka na umbali uliokuwepo kati ya mguu na mpira wakati ule, na umrudishe kila mara alipokwenda bila mpira kumwachia nafasi.