Kuipanua Picha Nje ya Fremu Yake

Mzee mmoja amekaa barazani katika uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja. Kushoto kwake pana mlango wa kuchongwa, nyuma yake ukuta wa chokaa. Picha imepigwa kwa simu iliyoshikwa wima, nayo ina upana wa pikseli 3000 na kimo cha 4000. Mpiga chapa anataka picha hiyo hiyo kwa kalenda ya kulala, upana 5000 kwa kimo 4000. Kuikata haiwezekani bila kumkata mzee miguu au kofia. Inabidi zipatikane pikseli 2000 za upana ambazo kamera haikuziona.

Kazi ya namna hii ilianza kuwa rahisi mwaka 2022, kampuni ya OpenAI ilipoiongeza katika programu yake ya DALL-E 2. Mwaka uliofuata Adobe ikaweka katika Photoshop kitufe kinachoitwa Generative Expand. Namna inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Programu hujaza sehemu tupu kwa chengachenga zisizo na maana, kisha huzisafisha hatua kwa hatua huku ikiitazama sehemu ya picha iliyopo, hadi kitokee kitu kinachofanana na mamilioni ya picha ilizofunzwa nazo. Haijui nini kilikuwa upande wa pili wa uchochoro ule. Inakisia kitu cha kawaida, na hapo ndipo makosa yake mengi yanapoanzia.

Uamuzi wa kwanza ni nafasi mpya igawanywe vipi. Wengi huongeza sawa pande zote mbili, hapa 1000 na 1000, kwa mazoea tu. Mimi ningetazama kwanza picha inadai nini. Jua linatoka juu kushoto, kwa hiyo kivuli cha mzee kimelala ukutani upande wa kulia, na ukingo wa picha umekikata katikati ya kofia. Pikseli 600 upande huo zinatosha kukimaliza kivuli na kubakiza ukuta kidogo. Zinazobaki 1400 ziende kushoto, uchochoro unakoelekea. Bahati nzuri ni kwamba kulia tunaendeleza chokaa tupu. Kama ukingo ungeukata mlango, tungekuwa na shida kubwa, maana nakshi ya mnyororo ina mpango wake, na programu hizi huiyeyusha ikawa vifundo visivyoshikana.

Kabla ya kuongeza chochote, angalia pembe za picha ya asili. Lenzi nyingi hutoa picha yenye giza kidogo pembeni kuliko katikati. Katika picha ya kawaida hatulioni giza hilo, lakini ukishaongeza nafasi, pembe za zamani zinakuwa ndani ya picha mpya, na lile giza linajitokeza kama utepe mweusi uliosimama mahali pasipo na sababu. Lisawazishe kwanza, kisha ndiyo upanue.

Halafu chora mistari. Kwenye tabaka jingine juu ya picha, fuata kwa rula ukingo wa baraza, kisha sehemu ya juu ya fremu ya mlango, kisha kizingiti cha dirisha lililo mbali. Ukuta umenyooka, kwa hiyo mistari hiyo itakutana mahali pamoja. Katika picha yetu tuseme inakutana pikseli 500 nje ya ukingo wa kushoto. Sehemu hiyo sasa itaingia ndani ya picha mpya, na kila ukuta utakaozaliwa huko, pamoja na ule wa upande wa pili wa uchochoro, ni lazima mistari yake ya mlalo ielekee hapo hapo. Programu ikichora dirisha ambalo mistari yake inakutana kwingine, jicho la msomaji litasumbuka hata kama hawezi kusema kwa nini.

Upande wa kulia kanuni ni ile ile, ila huonekana kwa namna nyingine. Huko ukuta unazidi kuisogelea kamera, hivyo nyufa, mabaka ya chokaa iliyobanduka na mawe yaliyochomoza yanapaswa kuongezeka ukubwa kadiri unavyokwenda kulia, na baraza lizidi kuwa nene. Programu hupenda kurudia mabaka ya ukubwa ule ule ililoyaona ukingoni, na matokeo yake ukuta unaonekana umepinda kama pazia.

Kosa ambalo ningelitafuta kwanza kabisa, hata hivyo, ni la nuru. Ukuta wa upande wa pili wa uchochoro, unaotokea kushoto, unalipa jua mgongo. Uso wake tunaouona uko kivulini, na nuru pekee unayoipata ni ile inayorudi kutoka ukuta wa mzee na kutoka angani. Lakini kuta za Mji Mkongwe katika picha nyingi zinang'aa jua, basi programu nayo huchora ukuta unaong'aa. Ukiuacha hivyo, picha moja ina majua mawili. Katika maelezo unayoiandikia programu, taja wazi kwamba ukuta wa kushoto uko kivulini na sakafu ya uchochoro ina kivuli chake. Ikikaidi, punguza mwanga mwenyewe kwa mkono.

Kuhusu ukubwa: DALL-E 2 ilikuwa ikichora kwa vipande vya pikseli 1024 kwa 1024, na programu nyingine nyingi pia zina kikomo cha namna hiyo. Ukiipa eneo kubwa zaidi kwa mara moja, unapata kitu kilichovutwa, laini, kisicho na chembe. Hivyo anza na nakala ndogo. Ipunguze picha mara nne, iwe 750 kwa 1000, na upanue hiyo mpaka 1250 kwa 1000. Hapo unaamua umbo tu: ukuta uko wapi, kivuli kinaishia wapi. Ukiridhika, kuza sehemu mpya mara nne, rudisha picha ya asili mahali pake bila kuigusa, kisha pitia sehemu mpya kipande kwa kipande ili programu irudishe chembe za chokaa. Kila kipande kiingie pikseli mia mbili au tatu ndani ya kile cha jirani, ili programu iwe na kitu cha kufuata.

Hata baada ya hapo, mshono unaweza kubaki. Kamera ya simu huacha chengachenga ndogo, hasa kivulini, na faili la JPEG huongeza mabaka yake. Sehemu iliyochorwa ni safi mno. Kuza picha hadi asilimia 200, linganisha kivuli cha zamani na kipya, kisha ongeza chengachenga upande mpya kwa Add Noise mpaka zilingane. Ili kuukamata mshono usioonekana, weka tabaka la Curves juu ya yote na uzidishe utofauti wa mwanga na giza kupita kiasi. Tofauti ndogo ya rangi itasimama kama mstari. Geuza pia picha kushoto-kulia. Jicho lililozoea picha husamehe mengi, likigeuziwa huanza kutazama upya.

Kuna kitu ambacho ufundi huu wote hauwezi kukileta, nacho ni ushahidi. Mwaka 1715 mchoro wa Rembrandt, "Doria ya Usiku", ulikatwa pande zote ili uenee kwenye ukuta wa jengo la serikali ya mji wa Amsterdam. Mwaka 2021 jumba la makumbusho la Rijksmuseum lilirudisha sehemu zilizopotea kwa msaada wa kompyuta, lakini wataalamu wake walikuwa na nakala ndogo iliyochorwa na Gerrit Lundens kabla mchoro haujakatwa. Kompyuta ilifunzwa kuinyoosha nakala hiyo ili ilingane na mchoro wenyewe, na kuigeuza ifuate mkono wa Rembrandt. Sisi hatuna nakala ya uchochoro wetu. Dirisha lililotokea kushoto halijawahi kuwepo, na mkazi wa mtaa huo atalijua mara moja. Kwa kalenda linavumilika, mradi maelezo ya picha yaseme kwamba pande zake zimechorwa na kompyuta. Kwa habari halivumiliki: shirika la Associated Press, kwa mfano, haliruhusu akili bandia kuongeza wala kuondoa kitu katika picha zake. Kwa hiyo faili la asili la 3000 kwa 4000 litunzwe peke yake, kwa jina lake, lisichanganyike na lile la kalenda, kwani miaka kumi baadaye huenda mtu akalihitaji ili kujua mtaa ule ulikuwaje.